Famasia ya simuni: “Dose” ya kwenye skrini si dozi yetu

Apu ya famasia ninayotumia hapa Kampala ina skrini za Kiingereza tupu. Bodaboda wao hufika haraka, bei huonekana kabla ya kulipa kwa mobile money, na kwa hayo sina neno. Shida iko kwenye skrini mbili: ya kupakia karatasi ya daktari na ya kuthibitisha kipimo. Kinachoponza hapo si maneno magumu. Ni yale unayodhani unayajua.

Kupakia ni rahisi ukitandaza karatasi mezani karibu na dirisha na kuzima flashi, kwa sababu mng'ao wake hufuta wino wa bluu. Pembe zote nne zionekane. Apu hujikatia picha yenyewe, na mara nyingi hukata ukingo wa juu, ambako ndiko kuna tarehe, umri na uzito wa mgonjwa. Kwa dawa ya mtoto, uzito usipoonekana mfamasia hana cha kuhakikishia kipimo. Ikiandika “Upload successful” usidhani karatasi imesomwa. Maana yake ni picha imefika, basi. Subiri “Verified”.

Skrini ya pili ndiyo yenye kazi. Tuseme karatasi imeandikwa hivi:

```
Susp. Amoxicillin 250 mg TDS 5/7
```

“Susp.” ni dawa ya maji ya kutikiswa. “TDS” ni mara tatu kwa siku. “5/7” si hesabu ya sehemu wala tarehe: ni siku tano, ile saba ikisimama kwa siku za wiki. Apu ikaleta hivi:

```
Strength: 125 mg/5 ml
Dose: 10 ml
Frequency: TDS
Duration: 5 days
Quantity: 2 x 100 ml
```

Sisi tukisema “maliza dozi” tunamaanisha dawa yote, mwanzo hadi mwisho. “Dose” ya hapa ni kiasi cha kunywa kwa mara moja tu. Dozi yetu iko chini, kwenye “Duration”. Anayechanganya hayo mawili anaweza kuzigawa mililita 10 kwa siku nzima, na mtoto akapata theluthi ya dawa aliyoandikiwa.

“Strength” nayo watu huisoma kama ukali wa dawa. Ni kiasi cha dawa kilichomo ndani ya maji: hapa kila mililita 5 zina miligramu 125. Daktari ametaka miligramu 250, kwa hiyo ni mililita 10. Mara tatu kwa siku ni 30, kwa siku tano ni 150, na chupa ya mililita 100 haitoshi. Ndiyo maana wameweka mbili. Hesabu zimekubaliana.

Sasa kasoro iliyonifanya niipunguzie apu hii nyota mbili. Chupa za 125 zilipoisha, ilipendekeza za 250 mg/5 ml chini ya neno “Substitute”. Dawa ni ileile na kubadilisha hivyo kunaruhusika, ila “Dose” iliachwa pale pale kwenye 10 ml. Hiyo ni miligramu 500, mara mbili ya alichoandika daktari. Kwa chupa hiyo ilipaswa kuwa mililita 5, jumla 75, chupa moja tu. Kwa hiyo “Strength” ikibadilika na “Dose” isibadilike, usibonyeze “Confirm”. Bonyeza alama ya simu, uongee na mfamasia, na umsomee tarakimu zote mbili, ya karatasi na ya skrini. Wa kwao alisahihisha papo hapo, tena kwa Kiswahili kizuri. Dawa ikifika, linganisha tena na lebo ya chupa yenyewe, na upime kwa bomba lisilo na sindano au kikombe chenye mistari, si kijiko cha chai.

Kitafsiri cha simu sikiamini kwenye vifupisho. “OD” kwenye vidonge ni mara moja kwa siku, lakini kwenye dawa ya macho inaweza kuwa jicho la kulia. Kifupisho kama hicho aulizwe mfamasia, hata ukiwa na hakika nusu.

Mwisho kuna kengele ya kukumbusha, ambayo kwangu hujipanga 8:00 AM, 2:00 PM na 8:00 PM. Kitafsiri kiliandika “saa 8:00 asubuhi”, saa ambayo Mswahili hana. Ondoa saa sita: ya kwanza ni saa mbili asubuhi, ya pili saa nane mchana, ya tatu saa mbili usiku. Kwa mtu atakayempa mtoto dawa mimi huandika saa hizo kwa maneno juu ya boksi, kwa kalamu nene.