Grenda Ipi Ununue? Angalia Kwanza Mwendo Wake Isipokata Kitu

Wanunuzi wengi wa grenda huuliza wati. Si swali baya, ila kinachorusha vipande vya diski usoni ni mwendo, na grenda ya kaboni hufikia mwendo wake wa juu kabisa ikizunguka bure, kabla haijagusa chuma.

Sababu iko kwenye nyaya. Umeme unaopita kwenye koili za pembeni, zile zinazotengeneza sumaku, ndio huohuo unaopitia kwenye kaboni, vile vipande vyeusi vinavyosugua, kwenda kwenye rota, sehemu ya mota inayozunguka. Rota ikizunguka ndani ya sumaku hiyo huzalisha volti zake yenyewe, zinazopinga volti za ukutani na kuizuia isizidi kukimbia. Ukikandamiza chuma, umeme mwingi unapita na sumaku inakuwa kali, kwa hiyo volti za kupinga zinapatikana hata kwa mwendo wa pole. Ukiinua mkono, umeme unapungua, sumaku inalegea, na rota inabidi izunguke haraka zaidi ili ifikishe volti zilezile. Ikikimbia, umeme unapungua tena. Mota kubwa ya aina hii ikiwashwa bila mzigo inaweza kuendelea hivyo mpaka nyaya za rota na vipande vya komuteta, pale kaboni zinaposugua, ving'oke.

Grenda haifiki huko kwa sababu feni imefungwa kwenye shafti ya rota, na gia haziachani nayo kamwe. Feni hasa ndiyo breki: mwendo ukiongezeka mara mbili, inadai nguvu karibu mara nane. Kwa hiyo rota inatulia kwenye mwendo fulani, mkubwa lakini unaojulikana, na kiwandani gia huchaguliwa kwa kuzingatia mwendo huo.

Nafasi ya kwanza: ya kaboni yenye kidhibiti mwendo. Nyuma ya rota kuna sumaku ndogo ya duara na kihisio kinachohesabu mizunguko. Ikizunguka bure, saketi inabana umeme. Ukikandamiza, inaachia zaidi. Ukiiwasha, inapanda taratibu badala ya kuruka mkononi, na ukianza kukata sauti haishuki sana. Udhaifu wake ni kwamba kipande kinachobana umeme kikiungua, mara nyingi huacha njia wazi, na mota inapata volti zote. Ukisikia grenda iliyokuwa tulivu imeanza kupiga kelele nyembamba kuliko siku zote, izime na usiirudie mpaka saketi ibadilishwe.

Ya pili: isiyo na kaboni, ya betri. Sumaku yake ni ya kudumu, hailegei umeme ukipungua, kwa hiyo volti za betri ndizo zinazoiwekea kikomo. Kwa usalama wa mwendo ingekuwa ya kwanza. Nimeishusha kwa sababu kazi ndefu ya kukata inamaliza betri upesi.

Ya tatu: ya kaboni isiyo na saketi yoyote. Usiidharau. Ni rahisi kutengeneza, na kilichoandikwa kwenye kibati chake ndicho mwendo wa kuzunguka bure. Ukikandamiza, mwendo unaweza kushuka kwa theluthi nzima, na hapo ndipo watu wanapodanganyika wakidhani mashine ni ya pole.

Chukua mfano wa grenda ya milimita 115 iliyoandikwa mizunguko 11,000 kwa dakika. Diski ya kukatia ya kipimo hicho, iliyotengenezwa kwa mwendo wa mita 80 kwa sekunde ukingoni, huandikwa karibu 13,300, hivyo nafasi ipo. Sasa mtu anavua kava na kufunga diski ya milimita 230, ambayo mwisho wake ni 6,650. Kwa mizunguko 11,000 ukingo wake unakwenda mita 132 kwa sekunde. Kwa kuwa nguvu ya kuipasua hukua kwa mraba wa mwendo, diski inavutwa karibu mara 2.7 ya inavyoruhusiwa, tena ikiwa bado hewani. Namba ya diski lazima ipite ile ya kibati, na kava ibaki. Kama kava haienei diski, diski hiyo si ya grenda hiyo.

Ya mwisho, na mimi nisingeinunua: jiwe la kunolea lililoundwa kwa mota ya mashine ya kufulia. Mara nyingi ni mota ya kaboni ya aina ileile, ila ndani ya mashine mkanda na pipa vilikuwa mzigo wake, na kihisio kilikuwa kikiilinda. Ikiunganishwa moja kwa moja ukutani, imepoteza vyote viwili. Tazama nyaya zake: kama mbili nyembamba za kihisio zimekatwa au zinaning'inia, hakuna kinachohesabu mizunguko, na mwenye kuiuza hawezi kukwambia jiwe linafika mwendo gani.