Kibanda cha malakiti kilichoandika "tunapokea malipo yote"

Kama umeona ile picha ya masanduku ya kijani ya jiwe la malakiti inayopitishwa kwenye simu za watu hapa Lubumbashi, soma haya kabla ya kushika njia. Chini ya picha wameandika hivi: "Tuko kwenye maonyesho ya ufundi, kibanda B27. Malakiti na shaba, bei nzuri. Tunapokea malipo yote." Basi. Maneno hayo machache yalinipotezea mchana mzima, na hasira haijanitoka.

Nianze na B27. Hakuna kibanda hata kimoja kilichokuwa na namba. Namba zilikuwa kwenye karatasi ya waandalizi tu, na askari wa mlangoni hakuwa ameiona karatasi hiyo. Nilizunguka kwenye vumbi mpaka mama mmoja muuza vitenge akanionyesha kwa kidole: ukiingia mlango mkubwa unapinda kushoto, unapita wasuka vikapu, wao wako mkabala na jukwaa, chini ya turubai la buluu. Yule mama alinielekeza kwa pumzi moja. Mwenye kibanda alishindwa kuandika maneno hayo hayo, na ndiye anayetaka wateja wamfikie.

Mali yenyewe ni nzuri, siwezi kusema uongo. Nilishika sanduku dogo, sentimita 12 kwa 8 hivi. Lilikuwa zito, na ubaridi wake ulikaa mkononi muda mrefu, wakati plastiki iliyopakwa rangi hupata joto haraka ukiishika. Mistari yake ilitofautiana kwa upana, mingine ya kijani cha kukaribia weusi, mingine hafifu, ikizunguka na kukatika bila kujirudia. Ya bandia mara nyingi ina mistari ya upana mmoja inayojirudia kila upande. Nilipoligeuza nikaona ukweli ambao tangazo halikuusema: si jiwe zima. Ni vibao vyembamba vya malakiti vilivyobandikwa juu ya mbao, na mianya kati yake imejazwa unga wa jiwe hilo hilo uliochanganywa na gundi. Si udanganyifu, masanduku mengi hutengenezwa hivyo, na kazi ya fundi huyu ilikuwa safi, kiungo hukioni mpaka ukitafute kwa ukucha. Lakini mtu anayesoma "malakiti" peke yake anaweza kufikiri analipia jiwe lililochongwa. Andikeni "malakiti ya kubandika juu ya mbao", na bei itaeleweka. Pia mwambieni mnunuzi asilisafishe kwa ndimu wala siki, kwa sababu asidi hula malakiti na mng'ao unakufa.

Bei ilikuwa dola 35. Nikatoa noti ya 20, ya 10 na ya 5. Binti wa kibandani akainua ile ya 20 kwenye mwanga, akaona imechanika kidogo pembeni, kadiri ya punje ya mchele, akanirudishia. Hapo sikumlaumu. Katika mji huu dola iliyochanika hata kidogo haipokelewi, naye akiipokea atabaki nayo. Lakini je, hayo ndiyo "malipo yote"? Nikauliza kwa franga. Akasema wao wanahesabu dola moja kwa 2,900, wakati wabadilisha pesa wa nje siku ile walikuwa kwenye 2,800. Kwa dola 35 tofauti ni franga 3,500, na hakuna mahali walipokuwa wameandika kiwango chao. Nikasema sawa, nitalipa kwa M-Pesa, upande wa dola.

Hapa ndipo kila kitu kilipoharibika. Binti alinisomea namba ya kutumia pesa, akaniambia niongeze dola moja ya gharama ya kutoa. Nikaongeza, nikatuma. Ujumbe ukanifikia: pesa imekwenda, namba ya muamala ipo, jina la mpokeaji lipo. Jina hilo halikuwa la kibanda, wala la binti. Lilikuwa la mwenye mali, na mwenye mali alikuwa nyumbani na laini yake, simu imezimwa.

Nikamwonyesha binti ujumbe. Hata hakuutazama vizuri. Akasema, "Mama, ile ni mesaji ya telefone yako, haiko makuta." Nikamwomba ampigie bosi. Akapiga, haipatikani. Nikamwomba basi aniandikie risiti kwamba nimelipa. Akachukua sanduku langu, akalirudisha nyuma ya meza, akaanza kumhudumia mtu mwingine, na bila kugeuka akasema, "Kama unachoka, enda ku nyumba, utarudia kesho."

Mimi ni mama wa watu. Nimelipa, naambiwa niende nyumbani mikono mitupu, mbele ya wateja wanaonitazama kama mwizi.

Nikiwa mtulivu nakubali kwamba asingeweza kuamini simu yangu. Watu hutengeneza ujumbe wa uongo, wengine huonyesha wa jana, na muuzaji anayetoa mali kwa kuangalia simu ya mnunuzi hulia jioni. Uthibitisho uko kwenye laini ya anayepokea: ujumbe wake wa kuingia, au salio lake, na salio linahitaji namba ya siri. Kwa hiyo kibanda kinachotangaza M-Pesa lazima laini hiyo ikae kibandani, mkononi mwa anayeuza. Kwa hilo lawama yangu ni kwa bosi. Lakini yule binti alijua tangu asubuhi kwamba simu ya bosi haiko pale. Alinisomea namba, akadai na dola ya kutoa, akanyamaza mpaka pesa imeondoka. Hilo simsamehei.

Nilikaa kwenye kiti cha yule mama wa vitenge mpaka jua likashuka. Bosi alipowasha simu alithibitisha kwa neno moja tu, nikapewa sanduku ndani ya mfuko mweusi. Hakuna aliyesema "pole".

Nilitaka kuandika "msiende kabisa" na kuishia hapo. Kisha fundi mwenyewe, mzee aliyekuwa nyuma anagonga sahani ya shaba, alinifuata njiani akalifuta sanduku kwa kitambaa chenye nta, akanionyesha bawaba alizozifunga kwa mkono. Hakujua lolote la tangazo. Kwa ajili ya mzee huyo nasema nendeni, kazi yake inastahili. Bebeni dola nzima zisizo na alama, na msitume hata senti kabla hamjaiona simu ya kupokea kwa macho yenu.

Jana mwenye kibanda aliniandikia, akiniomba nifute maneno yangu kwa sababu yanamharibia soko. Nimemjibu: badilisha yako kwanza. Nikamwandikia namna ya kuyaandika, tena bure: "Ukiingia mlango mkubwa pinda kushoto, tuko mkabala na jukwaa, turubai la buluu. Masanduku ya malakiti ya kubandika juu ya mbao, sentimita 12 kwa 8, dola 35. Dola zisizochanika, franga kwa kiwango kilichoandikwa mezani. M-Pesa: simu iko kibandani, utaona jina la mwenye mali, gharama ya kutoa ni juu yetu."

Mpaka leo asubuhi picha ile bado inasema B27 na malipo yote. Siku atakapoibadilisha nitarudi kuchukua ile sahani ya shaba. Yule binti asinihudumie.