Kura kwa miaka 16: uanze na Austria au na hesabu ya nyumbani?
Midahalo ya sekondari hapa Mbeya hurudia swali hili kwa upande unaounga mkono hoja.

Austria ilishusha umri wa kura hadi miaka 16 mwaka 2007, hivyo inathibitisha kuwa jambo linawezekana. Ila mpinzani atajibu upesi: Ulaya siyo Uyole.

Hesabu inagusa zaidi, na mimi naipenda. Aliyekuwa na miaka 17 Oktoba 2025 atamchagua rais kwa mara ya kwanza 2030, akiwa na 22! Udhaifu wake: ukishusha hadi 16, wa miaka 15 naye atangoja hadi 20. Jibu kwamba amepunguziwa miaka miwili.

Majaji wakidai ushahidi, tanguliza Austria. Ukumbi ukijaa wanafunzi, tanguliza hesabu.