Redio moja ya Malindi au Shakahola: uchague kesi gani?

Wengi wanaofanya risachi ya media huku kwetu wanakwama hapa, kuchagua kesi moja ya kuchunguza kwa kina. Redio moja, ukikaa wiki 3 kwa chumba cha habari, unaona kwa macho yako habari inatoka wapi, nani anapigiwa simu kwanza, stori gani inatupwa na kwa nini, hayo huyapati kwa kusikiliza matangazo tu. Shida ni mhariri ndo anakufungulia mlango, afu siku za kwanza watu wanajichunga mbele yako, so ukiona wiki ya 3 mambo yamebadilika ujue ulichoandika mwanzo kilikua cha mgeni.

Shakahola, ule msitu wa Kilifi ambako wafuasi wa mchungaji mmoja walifunga kula hadi kufa, makaburi yakaanza kufukuliwa Aprili 2023, inakupa redio, tivii na magazeti kwa jambo lile lile, unalinganisha nani alipewa sauti, polisi, mchungaji au familia. Lakini lazima uweke mipaka, unaanzia tarehe gani unaishia wapi, la sivyo haiishi. Na ilikua balaa isiyo ya kawaida, waandishi walitoka hadi Nairobi, kwa hivyo haikwambii wanaripotije bei ya samaki siku ya kawaida.

Mi ningechukua redio. Ila usiandike "redio za Pwani zinategemea polisi", andika hii moja inategemea, ukieleza sababu, mfano haina pesa ya mafuta ya kumtuma ripota. Hapo mtu wa Lamu anaweza kuangalia kama sababu hiyo iko na kwake.