Apu ya kusoma maandishi kwenye picha: karatasi iko poa, chupa ya dawa inachanganya mistari

Wenye maduka ya dawa za mifugo hii inawahusu. Natumia hii apu hapa dukani Busia, upande wetu wa Uganda, kazi yangu nayo ni kunakili lebo za chupa niwatumie wafugaji kwa Watsap maana yale maandishi ni madogo mno na wazee wengi hawayaoni. Risiti na karatasi bapa inasoma safi kabisa, hapo sina neno. Shida ni chupa ya duara. Na si kwamba inakosea herufi, herufi inazipata vizuri tu, ila inaruka mstari ama inarudia mstari, na ukipitisha macho haraka hushtuki kwa sababu kila neno limeandikwa sawa.

Chukua amitraz ya asilimia 12.5, ile ya kupe. Lebo ya chupa ninayouza imepangwa majina ya wanyama upande mmoja na vipimo pembeni: ng'ombe mililita 2 kwa lita moja ya maji, chini yake nguruwe mililita 4. Ukiiacha chupa juu ya kaunta ukapiga picha umesimama, jina likiwa katikati na kipimo kiko kulia karibu na ukingo, apu inakuletea hivi:

```
mililita 2
Ng'ombe   mililita 4
```

Yani ng'ombe amepewa dozi ya nguruwe, mara mbili ya yake, na ile mililita 2 imebaki inaelea juu haina mwenyewe, saa ingine haitokei kabisa. Mfugaji akichanganya bomba lake kwa maandishi hayo je?

Sababu yake ni hii. Ukiangalia chupa kutoka juu, mstari ulionyooka kwenye lebo unaonekana kama upinde, katikati umeshuka na ncha mbili zimepanda, lakini apu yenyewe inatafuta maneno yaliyo kimo kimoja ikiyaunga kuwa mstari. Nilipiga hesabu ya chupa ya upana wa sentimita 6 ukiiangalia kwa mteremko wa digrii 30. Neno lililo digrii 45 kutoka katikati ya chupa linapanda kama milimita 4.4 kwenye picha, na mistari iliyoachana milimita 3 kwenye lebo inaonekana imeachana 2.6 tu. Kwa hiyo kabla hata hujafika hapo pembeni, mwisho wa mstari wa nguruwe ushapanda ukakaa kimo cha ng'ombe, apu inavuka moja kwa moja kuuchukua. Kurudia nako kunatoka hapohapo, mstari uliopinda sana inaukata vipande viwili vya mshazari, vipande vinapandiana, basi maneno ya pale vilipopandiana yanasomwa mara mbili.

Ile batani ya kunyoosha kwa kuvuta pembe nne isikudanganye, hiyo ni ya karatasi iliyolala mshazari, inanyoosha pembe ila upinde unabaki palepale.

Dawa yake ni kushusha simu, kamera iwe usawa wa ile sehemu ya lebo unayotaka, chupa imesimama wima. Tazama ukingo wa juu wa maandishi kwenye skrini, ncha zikipanda uko juu mno, zikishuka uko chini mno, zikinyooka bonyeza. Digrii 10 bado inavumilika, ile milimita 4.4 inakuwa kama 1.5, nusu ya mstari. Pia usisogee karibu, rudi nyuma halafu zumu mara mbili, kwa sababu ukiwa karibu hata kamera ikiwa usawa mistari ya juu kabisa na ya chini kabisa itapinda tu. Halafu zungusha chupa, chukua kipande cha katikati peke yake, kwa sababu pembeni huko herufi zinabanwa, ukifika digrii 60 upana wake ni nusu. Vipande vikiingiliana maneno yatajirudia kwenye maandishi, hayo futa mwenyewe ukiwa umeshika chupa mkononi.

Makopo yanayong'aa yana lingine, mwanga unachora mstari mweupe wima unaomeza maneno, zima flashi uende dirishani.

Mimi nikishamaliza nahesabu mistari ya lebo na ya apu, idadi isipolingana narudia picha, na hata ikilingana vipimo vyote navisoma tena kwa macho kabla ya kutuma, maana ng'ombe na nguruwe wakibadilishana dozi idadi haibadiliki. Nyota 3 kwa sasa. Wakiweka sehemu ya kunyoosha vitu vya duara, ama hata onyo tu kwamba mistari imepinda, naongeza ya nne siku hiyohiyo.