Mabomba ya bafuni: seti nzima au kimoja kimoja?

Bomba la mkono mmoja likianza kuvuja, mara nyingi mwili wake bado mzima. Kilichochoka ni katriji, kipuri kilicho chini ya mkono kinachofungua, kufunga na kuchanganya maji. Kwa hiyo, kabla ya kulipa, uliza katriji kwanza, rangi baadaye.

Kwenye seti, bomba la sinki na la shawa huweza kutumia katriji ya aina moja, na akiba ya kipuri kimoja ikakutosha. Lakini usikisie: muuzaji akuandikie namba ya kipuri cha kila bomba. Kama katriji ni ya umbo la kiwanda hicho pekee, siku toleo likisitishwa mabomba yote yanakwama pamoja.

Ukinunua kimoja kimoja, unaweza kuchagua mabomba ya katriji za kawaida, 35 au 40 mm. Kipenyo peke yake hakitoshi. Linganisha pia urefu wa shina na matundu ya chini. Kero ni dhamana nyingi, kila moja na risiti na tarehe yake.

Kwa vyovyote, soma mistari midogo: "miaka 10" huenda ni ya mwili tu, na katriji iliyokwaruzwa na mchanga wa bombani isilipwe.