Bei iliyokatwa mstari: namna ya kupima punguzo la simu Lubumbashi

Njia inayotangulia zote ni kuuliza bei katika maduka matatu kwa siku moja, mawili ya mjini kati na moja la soko la komuni ya Kenya, mradi unauliza simu ile ile. Jina «Galaxy A15» halitoshi. Namba ya modeli SM-A155F ni ya 4G, SM-A156B ni ya 5G, na kila moja hutoka na ukubwa tofauti wa kumbukumbu. Punguzo nyingi za uongo huanzia hapo: muuzaji anakata mstari bei ya 5G yenye GB 256, halafu chini yake anaandika bei ya 4G yenye GB 128. Soma namba hiyo kwenye lebo ya boksi, kisha uifananishe na ile iliyo ndani ya simu, kwenye mipangilio, sehemu ya maelezo ya simu.

Uliza pia dola inahesabiwa franga ngapi dukani. Tuseme duka moja linataka dola 150 na kuhesabu kila dola franga 2,400, na jirani yake anataka dola 155 kwa franga 2,300. Ukilipa kwa franga, wa kwanza atachukua 360,000 na wa pili 356,500. Aliyeonekana ghali ndiye mwenye bei nafuu. Mwenye dola mkononi atanunua kwa yule wa kwanza.

Nafasi ya pili tunaipa kumbukumbu yako mwenyewe. Wengi wanaouza simu hutangaza kwenye status ya WhatsApp, na status hufutika baada ya saa 24, kwa hiyo bei ya juzi haina shahidi. Piga picha ya skrini kila unapoiona, kwa mwezi mzima kabla ya kununua. Katika Umoja wa Ulaya sheria inadai punguzo lipimwe kwa bei ya chini kabisa ya siku 30 zilizotangulia. Kipimo hicho ni kizuri, kitumie mwenyewe. Kama «dola 200» iliyokatwa haionekani kwenye picha yako hata moja, hakuna kilichopunguzwa.

Tovuti za Keepa na CamelCamelCamel tunaziweka mwisho. Zinachora historia ya bei za Amazon tu, bila usafiri wala forodha, basi usimpigie muuzaji wa hapa kelele kwa bei hiyo. Faida yake ni kuonyesha mwelekeo. A15 ilitoka Desemba 2023, na A16 ikaifuata mwaka uliofuata. Simu ikishapata mrithi, bei yake hushuka kila mahali. Anayekata mstari bei ya siku ilipotoka huenda hadanganyi, ila anakuuzia uzee wa simu kama zawadi.

Ukishapatana, piga *#06#, na IMEI, yaani namba za utambulisho wa simu, zitakazotokea zilingane na za boksi. Ziandikwe kwenye fakitire, pamoja na namba ya modeli, kabla hujatoa pesa.